Mara 525 za kwenye boksi, na kadibodi iliyomnyamazisha shemeji yangu

Kila anayeiona darubini yangu huanza na swali lilelile: "Inakuza mara ngapi?" Muuzaji wa Kariakoo aliijibu kabla hajaulizwa, kwa kugonga kidole juu ya boksi lililoandikwa "525×" kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kiwanda chenyewe. Shemeji yangu, aliyechangia nusu ya bei (ilikuwa laki mbili na ushee), aliikariri namba hiyo na kuwatangazia majirani wote kabla hata hatujafunga skrubu za miguu. Nilimwambia kwamba namba hiyo haitatufaa kitu. Akanijibu kwamba nilikuwa naona wivu kwa sababu ni yeye aliyeichagua.

Hesabu ya kiwanda, niseme kwa haki, haina kosa. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini kugawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, yaani ile lenzi ndogo unayochungulia. Darubini yetu ina fokasi ya milimita 700, na ndani ya boksi mlikuwa na lenzi mbili za jicho, moja imeandikwa H20mm na nyingine SR4mm. Kwa hiyo ya kwanza hukuza mara 35 na ya pili mara 175. Kiwanda kikaongeza lenzi ya Barlow, ambayo huchomekwa kabla ya lenzi ya jicho na kuzidisha ukuzaji mara 3, na 175 mara 3 ni 525. Hakuna uongo hapo. Ila angalia ni kitu gani hakikutajwa popote katika hesabu hiyo: kipenyo cha lenzi ya mbele, ambacho kwetu ni milimita 60. Kwa njia hiyo hiyo ningeweza kuunganisha lenzi mbili za Barlow na kufika mara 1,575, na darubini isingeona chochote cha ziada.

Shemeji alitaka 525, nami nikampa 525. Tulielekeza darubini kwenye Mshtarii, ambao usiku ule ulikuwa juu na unang'aa vizuri. Niliupata katikati kwa mara 35, nikachomoa, nikachomeka Barlow na ile ya milimita 4, kisha nikaanza kuutafuta upya, kwa maana kugusa tu kulitosha kuyumbisha miguu mitatu na kuupoteza. Nilipoupata nikamwita. Alipoinama, haupo. Kwa ukuzaji huo eneo la anga linaloonekana ni dogo sana, na mzunguko wa Dunia huivusha sayari kutoka ukingo hadi ukingo kwa sekunde 20 hivi. Shemeji ni mtu mzima na kuinama kwake peke yake humaliza sekunde kumi. Tulirudia mpaka akaupata. Alinyamaza, halafu akasema kwa furaha kwamba anaona nyuzinyuzi zinaelea juu ya sayari. Nikamwambia, "Shemeji, hizo ni za ndani ya jicho lako."

Na kweli ndivyo. Mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho ni mwale wenye upana sawa na kipenyo cha lenzi ya mbele kugawanya kwa ukuzaji. Milimita 60 kwa 525 ni kama milimita 0.11. Mwale mwembamba namna hiyo unapopita jichoni, kila kitu kinachoelea humo huacha kivuli kinachoonekana wazi. Tena mwanga uleule uliokusanywa na lenzi ya mbele unatandazwa juu ya eneo kubwa zaidi: kutoka mara 35 hadi mara 525 sura hukua mara 15 kwa upana na mara 15 kwa urefu, hivyo kila sehemu yake inafifia mara 225. Alichokiona, ukiondoa nyuzinyuzi, kilikuwa duara la kijivu linalotetemeka, lisilo na mstari hata mmoja.

Nilirudisha mara 175, ikawa afadhali, lakini bado laini kama picha iliyopigwa na mtu anayetembea. Kesho yake nikaazima kwa rafiki lenzi ya jicho ya milimita 10 ya aina ya Plössl, ambayo hukuza mara 70. Hapo ndipo mikanda miwili ya giza ya Mshtarii ilipojitokeza, pamoja na miezi yake minne. Watu hudhani mara 70 ni kidogo, kumbe kwa ukuzaji huo Mshtarii ukiwa karibu nasi huonekana mkubwa kuliko Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu.

Shemeji hakukubali. Alisema tatizo ni vioo vya bei rahisi, na mtu mmoja kazini kwake akamshauri tununue Barlow ya mara 5 iliyo bora zaidi. Ushauri huo uliniudhi kiasi cha kunifanya nichukue mkasi.

Nilikata kipande cha duara kutoka kwenye boksi lenyewe, upande ule ulioandikwa 525, kikatosha kufunika mdomo wa darubini, na katikati yake nikachora kwa bikari tundu la milimita 20. Halafu nikatafuta Kastori katika kundi la Mapacha, ambayo kwa macho ni nyota moja lakini kwa darubini ni mbili, zilizoachana kwa sekunde za tao 5 na nusu hivi, yaani vipimo vya pembe ambavyo 3,600 vyake ni digrii moja. Bila kadibodi, kwa mara 70, shemeji aliziona mbili bila kusaidiwa. Nikaweka kadibodi. Ikabaki moja. Nikamwambia aongeze ukuzaji kadiri apendavyo. Akaweka mara 175, akapata bonge moja lililorefuka kidogo na pete hafifu kulizunguka. Akaweka Barlow, bonge likakua. Nikaiondoa kadibodi na kurudisha mara 70, nyota zikawa mbili tena. Vioo ni vilevile, usiku ni uleule, kilichobadilika ni tundu tu.

Sababu ni kwamba mwanga unapopita kwenye tundu husambaa, na tundu likiwa dogo husambaa zaidi, kwa hiyo nyota haichoreki kamwe kama nukta bali kama kiduara. Kanuni ya Dawes husema: gawanya 116 kwa kipenyo cha milimita, utapata sekunde za tao ambazo darubini inaweza kuzitenganisha. Kwa tundu la 20 ni 5.8, na Kastori haifiki hapo. Kwa 60 ni kama 1.9. Jicho la binadamu hutenganisha sekunde 60 kwa shida, na huwa na raha likipata 200 au zaidi. Ukiikuza ile 1.9 mara 120 unapata takriban 230, yaani kila kilichomo katika sura kimeshafika mahali jicho linakiona kwa raha. Ndiyo maana wazoefu husema mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo. Ukipita hapo unakuza viduara.

Baadaye nilinunua ya milimita 10 na ya milimita 6, zote Plössl, kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa. Ya 6 hunipa mara 117, ambao ndio ukomo wangu, na usiku hewa ikichemka, hasa juu ya mapaa ya bati yaliyopigwa jua mchana kutwa, hata hiyo huiacha nikarudi 70. Darubini ya milimita 200 kwa kanuni hiyo ingefika mara 400, lakini hewa huikatiza mapema zaidi usiku mwingi.

Sasa shemeji anataka kununua yake, yenye kipenyo cha milimita 150 na fokasi ya 750. Alinipigia simu kulalamika kwamba lenzi yangu ya 6 humo itakuza mara 125 tu, karibu sawa na kwangu. Nikamwambia ni kweli, ila kwake mwale utakuwa na upana wa milimita 1.2 badala ya nusu, na bado ana nafasi ya kupanda hadi 300 hewa ikiruhusu. Akauliza kwenye boksi lake wameandika mara ngapi.