Sehemu thelathini za jioni: daftari langu la Ramadhani, Lubumbashi

Shaaban, siku kumi kabla

Nimejifunga kibwebwe. Kila jioni ya Ramadhani nitatuma kipande kimoja cha sauti kwenye kundi letu la Watsapu, lile la jamaa na majirani wa Kamalondo. Dakika nne, si zaidi. Kitatoka baada ya futari, kabla watu hawajaondoka kwenda kwenye Isha na tarawehe, wakati sahani bado ziko mkekani na kila mtu ana chai mkononi. Nimejipima: nikisoma bila haraka, dakika nne zinakula maneno kama 400. Nikihifadhi sauti kwa kilobiti 32 kwa sekunde, faili linakuwa na megabaiti moja hivi, na hapo hata asiye na vifurushi vingi atalifungua.

Nilitaka kugawa mwezi katika makumi matatu, rehema, msamaha, kuachwa huru na Moto, kama tunavyosikia kila mwaka. Shehe wetu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema ile hadithi ya Salman inayougawa mwezi hivyo ni dhaifu: mmoja wa wapokezi wake ni Ali bin Zaid bin Jud'an, na Ibn Khuzaima aliyeiandika aliweka mwenyewe sharti la "ikiwa habari hii ni sahihi". Akaniambia, "Rehema isikae siku kumi tu, mwanangu." Nimeacha. Badala yake nimechora vyumba thelathini kwenye daftari na kuvijaza kwa aina sita: kisa, aya moja, neno moja, swali la fikihi, sauti ya mtu wa mtaani, dua. Sharti langu ni kwamba aina moja isirudi kabla ya siku nne kupita.

Saumu ya 3

Mvua. Februari hii bati halinyamazi, na simu inarekodi bati kuliko inavyonirekodi mimi. Alasiri mvua ikipungua, mdomo ndio umekauka: nikisikiliza tena, kila neno lina kile kimlio cha ulimi unaobanduka kwenye kaakaa. Nimehamia baada ya daku. Ninakunywa maji ya mwisho, ninajifunika blanketi kichwani pamoja na simu, ninarekodi kabla ya adhana ya alfajiri. Watoto wananiona kichaa.

Saumu ya 6

Leo shemeji ameniambia bila kuficha: "Yaya, unasema vizuri, lakini kila siku unamalizia kwa kutugombeza."

Nimekaa nikasikiliza sehemu zote tano kwa mfuatano, jambo ambalo sikuwa nimelifanya. Ni kweli. Mada ni tano na aina ni tano, lakini sehemu ni moja tu. Zote zinaanza kwa salamu ndefu ya sekunde 25, zote zinapanda taratibu, zote zinaanguka kwenye "basi ndugu zangu, tujitahidi". Kumbe vyumba vyangu vilikuwa vinapanga ninachosema tu. Namna ninavyofika na ninavyoondoka haikuwa na chumba. Msikilizaji akishajua mlango wa kutokea uko wapi, anaondoka mapema.

Nimeongeza mstari wa pili kwenye daftari, chini ya aina: "inaishia wapi". Inaweza kuishia kwenye swali, kwenye aya yenyewe bila maelezo, kwenye sauti, au katikati ya jambo. Salamu imebaki sekunde tano.

Jaribio la kwanza ni jioni hii, aya ya 186 ya Sura Al-Baqara. Imekaa katikati ya aya za saumu, na wengi tunaipita tukikimbilia hukumu za daku. Nimeanza kwa kuwaomba wahesabu. Katika Kurani, watu wanapomuuliza Mtume jambo, jibu mara nyingi hutanguliwa na "Sema". Aya tatu tu mbele, ya 189, wanamuuliza juu ya miezi miandamo, na jibu ni: Sema, hiyo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Ila katika 186 wanaouliza wanauliza juu ya Mungu mwenyewe, na hapo "Sema" haipo. Jibu linakuja moja kwa moja: hakika Mimi niko karibu. Baadhi ya tafsiri za Kiswahili huingiza "waambie" ili sentensi isimame vizuri, kwa hiyo asiyesoma Kiarabu hawezi kuona kilichoondolewa. Niliisoma aya kwa Kiarabu, nikaeleza kwamba mjumbe hapa amewekwa kando, nikanyamaza. Hakuna "basi tujitahidi".

Mama mmoja mzee akatuma sauti fupi: "Simu imekatika au umemaliza?" Nikajua nimepata.

Saumu ya 11

Mambo yanaenda. Ya jana ilikuwa sauti ya jirani akisonga bukari, ugali wetu, dakika chache kabla ya magharibi, nami nikisema maneno machache tu juu yake kuhusu dua ya kufungulia: kiu imeondoka, mishipa imelowana, na ujira umethibiti, Mungu akipenda. Nimeondoa pia kila mahali nilipotaja saa. Siku ya kwanza jua lilizama hapa kama saa 12 na dakika 37 jioni. Mwisho wa mwezi, katikati ya Machi, litazama robo saa mapema zaidi. Dada yangu aliye Bukavu, anayezipeleka kwa wenzake, hufuturu kabla yetu kwa dakika kumi na kitu. Sauti inayosema "sasa hivi adhana inaita" ni ya uongo kwa nusu ya wanaoisikia.

Saumu ya 17

Nimekosea, na kosa si dogo.

Sehemu ya Badri niliiandaa tangu Shaaban, kwa kuwa vita vile vilikuwa tarehe 17 Ramadhani, mwaka wa 2 wa Hijra. Faili niliita `siku-17.m4a`, na jioni ya saumu ya 17 nikalituma. Haikupita nusu saa, Mzee mmoja wa msikitini akanipigia. Hakunigombeza, alicheka tu.

"Mwanangu, hiyo Badri ya leo ni ya nani?"

"Ni ya kumi na saba, Mzee."

"Kumi na saba imezama na jua. Umetufuturisha, kisha ukatuma. Sisi hapa tuko usiku wa kumi na nane."

Nilijua. Kila Mwislamu anajua kwamba usiku hutangulia mchana wake, ndiyo maana tarawehe ya kwanza husaliwa kabla ya saumu ya kwanza. Lakini nilipochora vyumba nilihesabu kwa kalenda ya ukutani, ambapo siku huanza usiku wa manane. Kama ningekuwa natuma kabla ya magharibi, namba zangu zingekuwa sawa. Kwa kuwa natuma baada yake, kila sehemu iliyofungwa na tarehe inachelewa usiku mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hesabu sahihi ingenipa sehemu bora. Jioni ya saumu ya 16, ambayo ndiyo usiku wa 17, vita havijapigwa bado. Ni usiku wa kungoja. Sura Al-Anfal, aya ya 11, inaueleza: usingizi uliowafunika kwa utulivu, na mvua iliyoteremka ikawatwaharisha na kuithibitisha miguu yao. Na jana, wallahi, mvua ilinyesha hapa toka Isha mpaka daku. Ningeweza kuirekodi juu ya bati, nikasoma aya ile moja, nikaishia hapo, watu wakalala na bati lao wenyewe likiendelea. Badala yake nimewapa panga na idadi ya farasi.

Saumu ya 18

Nimekaa na daftari tangu adhuhuri. Nimelinganisha hivi: mwisho wa saumu ya 20 ni usiku wa 21, yaani kumi la mwisho linaanza jioni ya saumu ya 20. Usiku wa 23 ni jioni ya 22, na usiku wa 27 ni jioni ya 26. Sehemu niliyoiita `siku-27.m4a`, inayozungumzia Lailatul Qadri na miezi elfu ambayo ni miaka 83 na miezi minne, ingetoka usiku wa 28. Wanaoutafuta usiku ule katika witiri za kumi la mwisho wangenisikia nikiwahimiza katika usiku wa shufwa.

Mafaili yote yamebadilishwa jina, kutoka `siku-` kuwa `usiku-`, na juu ya kila chumba nimeandika jioni ya saumu ya ngapi. Ili kuruka usiku mmoja imebidi nitoe sehemu moja. Iliyotoka ni ya leo, sauti ya mama anayekaanga mikate kona ya barabara kila alasiri akiwa amefunga, akieleza jinsi anavyopima chumvi bila kuonja. Ninaipenda, kwa hiyo sijaifuta.

Saumu ya 24

Kumi la mwisho nimezifupisha, dakika mbili. Watu wamechoka na tarawehe, wengine wako itikafu na simu wamezizima, na sitaki kuwa sababu ya mtu kuiwasha. Karibu zote sasa ni dua. Ile ambayo Mtume alimfundisha Aisha, ya kuomba msamaha kwa Mwenye kusamehe anayependa kusamehe, nimeirudia mara tatu kwa mwendo tofauti. Sharti la siku nne limevunjika, na hakuna aliyelalamika. Nadhani kurudia hapa ni kitu kingine kabisa na kule kurudia kwa mwanzo, lakini sijui ningekuandika vipi kwenye chumba cha daftari.

Saumu ya 29

Hesabu mpya imeleta fumbo lake. Nilianza jioni ya saumu ya 1, ambao ni usiku wa 2, kwa hiyo usiku wa kwanza nilishaupoteza. Mpaka jana nimefika usiku wa 29. Jioni ya leo haina jina: mwezi ukionekana ni usiku wa Idi, usipoonekana au wingu likiuziba tunatimiza thelathini.

Nina mafaili mawili. `usiku-30.m4a` ni yule mama wa mikate, aliyekuwa akisubiri tangu saumu ya 18. Saumu zikiwa 29 hatasikika mwaka huu. `usiku-wa-idi.m4a` ni swali la fikihi, kwa sababu usiku ule ndio watu huuliza kwa pupa: zakatul fitri kiasi gani, na kabla ya lini. Nimesema ni viganja viwili vilivyojaa, mara nne, kwa kila mtu wa nyumbani hata mtoto mchanga, ambavyo shehe wetu huhesabu kilo 2 na nusu hadi 3 za chakula tunachokula, kwetu unga wa mahindi. Na umfikie maskini kabla ya sala ya Idi. Nimewaomba wasiiamini meka, kipimo cha sokoni, kwa macho. Meka nyingine imebonyea kitako. Ipeleke kwenye mizani mara moja, ujue yako inabeba ngapi.

Kawaida natuma saa 1 na dakika 10. Leo nangoja, kwani tangazo linaweza kuchelewa mpaka baada ya Isha. Upande wa magharibi kuna wingu refu lenye mwanya chini yake. Mtoto wa dada yangu amepanda ukutani na anapiga kelele kwamba ameuona. Kaka yake anasema ni taa ya mnara wa simu.