Siku moja na dadu mbili: kuwinda mirusho isiyo na uamuzi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Karatasi nne za jana usiku ziko mezani, zimejaa alama za penseli. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Dadu mbili zinarushwa, matokeo ni ya wote, na kila mmoja anajaza karatasi yake yenye safu 6, kila safu visanduku 4. Dadu moja unaifanya safu, nyingine namba ya kuandika. Ikitoka 2 na 5, ama unaandika 5 kwenye safu ya 2, ama 2 kwenye safu ya 5. Safu hujazwa kutoka chini kwenda juu, na namba inaweza kujirudia au kupanda lakini haishuki. Ukishindwa kuandika, au usipotaka, unapiga X na kupoteza alama 2. Safu iliyojaa ni alama 10. Isiyojaa, alama 1 kwa kila kisanduku. Mirusho ni 20 na visanduku ni 24, kwa hiyo lazima kuna kitakachobaki wazi.

Saa mbili. Jana niliwaomba wachezaji watie nukta pembeni kila walipoona njia moja tu ya kuandika. Nazipanga karatasi sambamba. Mrusho wa 4, wa 9 na wa 15 una nukta kwenye karatasi zote nne, na yote mitatu ilikuwa pacha. Ikitoka 3 na 3, hata ukizigeuza dadu unapata jambo lilelile. Pacha ni matokeo 6 kati ya 36, yaani kwenye mirusho 20 ni kama mitatu. Mara tatu meza nzima inaandika bila kufikiri.

Saa nne. Najaribu dadu ya tatu, uchague mbili kati ya tatu. Njia zinakuwa hadi 6 kwa mrusho, nami peke yangu nakaa dakika nzima nikihesabu. Kwa kuwa wote wanaandika kwa pamoja, meza itakuwa inamngoja aliye mzito kuliko wote. Naiondoa.

Saa tano na nusu. Wazo jingine: pacha ikitoka, namba hiyo iandikwe kwenye safu yoyote. Mrusho uliokuwa maskini kuliko yote unageuka tajiri. Nahesabu kabla ya kuipenda. Tuseme safu ya 3 imebakiza kisanduku kimoja na namba ya mwisho ni 5. Kwa sheria ya zamani inasubiri 3 na 5, au 3 na 6: matokeo 4 kati ya 36. Ikiwa imebaki mirusho 6, uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni karibu nusu. Kwa sheria mpya pacha ya 5 na ya 6 zinaingia, matokeo yanakuwa 6, na uwezekano huo unashuka hadi theluthi. Kusubiri bado kunauma, ila hakukatishi tamaa.

Saa tisa. Wachezaji wanne, karatasi mpya. Siangalii alama, naangalia ncha za penseli. Mrusho wa 12 ni pacha ya 4. Mmoja ana safu ya 1 yenye 1, 2, 2, na safu ya 4 yenye 2, 4. Penseli yake inagusa safu ya 1: akiandika hapo inajaa papo hapo. Anaiinua. “Subirini kwanza,” anasema. Safu ya 1 inaweza kungoja, kwani matokeo 15 kati ya 36 yataijaza. Safu ya 4 ina 7 tu ya kuisogeza. Anaandika kwenye safu ya 4, kisha mirusho mitatu inapita bila kitu, naye haondoi macho kwenye dadu. Wa nne unatoka 1 na 5. Anapumua. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu asubuhi.

Saa kumi na mbili jioni. Kuna ufa mpya. Pacha ya 6 ilitoka mapema, mrusho wa 3, na watatu kati ya wanne waliitupa kwenye safu ya 6 bila kusita. Nahesabu, kumbe wana haki. Ukishaandika 5, safu ya 3 inasubiri matokeo 6, lakini safu ya 6 inasubiri 4 tu, maana 6 na 6 ni pacha ambayo safu zote tayari zinayo. Zikiwa tupu safu zote ziko sawa, lakini namba zikipanda safu ya 6 inabaki nyuma, kwa hiyo imekuwa jaa la namba mbaya.

Saa mbili usiku. Sigusi sheria, nagusa thamani: safu ya 6 ikijaa sasa ni alama 14. Nachapa karatasi nane na kuchonga penseli. Kesho nitaanzisha mchezo kwa makusudi na pacha ya 6, nione mkono wa nani utasita.