Laki sita zilizopinda chati: nilivyoamua kama wingi wa hisa unaunga mkono bei

Nanunua na kuuza hisa kwenye Soko la Hisa la Nairobi kwa pesa zangu mwenyewe, na sehemu kubwa ya muda wangu naitumia kujibu swali moja: bei imepanda, lakini je, kuna watu nyuma yake? Kwa hilo natumia mistari miwili ya chati inayofuata wingi wa hisa zinazouzwa kila siku, OBV na A/D, na nimezoea kuichora mwenyewe kwenye Excel badala ya kutegemea chati za bure. Nitaeleza wiki moja ambayo mistari hiyo ilibishana waziwazi, na jinsi nilivyoamua nani wa kusikilizwa.

Kwanza jinsi inavyohesabiwa, maana ubishi wao ulianzia hapo. OBV, ambayo Joe Granville aliieneza mwaka 1963, inatazama bei ya kufunga ya leo na ya jana tu. Leo ikiwa juu ya jana, hata kwa senti tano, hisa zote zilizouzwa leo zinajumlishwa. Ikiwa chini, zote zinatolewa. A/D ya Marc Chaikin haina habari na jana. Yenyewe inauliza bei imefungia wapi kati ya kilele na kina cha siku hiyohiyo. Ikifungia kwenye kilele, hisa zote zinajumlishwa. Ikifungia kwenye kina, zote zinatolewa. Ikifungia katikati kabisa, siku hiyo inahesabiwa sifuri.

Kwenye jedwali langu safu B ni kilele, C ni kina, D ni bei ya kufunga, E ni idadi ya hisa. Kisha F ni OBV na G ni A/D:

```
F3: =F2+SIGN(D3-D2)*E3
G3: =G2+IF(B3=C3,0,((D3-C3)-(B3-D3))/(B3-C3)*E3)
```

Hiyo `IF` kwenye mstari wa pili si pambo. Hisa zisizochangamka huweza kuuzwa kwa bei moja siku nzima, kilele na kina vikalingana, na bila kinga hiyo unagawanya kwa sifuri na safu nzima inaharibika.

Sasa wiki yenyewe. Ilikuwa hisa ya benki ambayo kwa miezi kadhaa ilikuwa haijafunga juu ya shilingi 24. Ijumaa ilifunga 23.40. Siku nne zilizofuata zilikwenda hivi, idadi ya hisa nikiwa nimeikadiria kurahisisha hesabu:

```
          kilele  kina   kufunga  hisa
Jumatatu  23.80   23.20  23.70    200,000
Jumanne   24.40   23.60  23.80    900,000
Jumatano  24.30   23.70  23.85    400,000
Alhamisi  24.40   23.80  24.10    300,000
```

Alhamisi dari la shilingi 24 lilitoboka. Siku zote nne bei ilifunga juu ya ya jana yake, kwa hiyo OBV ilipanda kwa hisa 1,800,000, mruko mkubwa kuliko wowote wa miezi ile. Ungetazama mstari huo peke yake ungepiga simu kwa dalali papo hapo. Lakini A/D ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya laki tano. Jumatatu ilichangia kidogo upande wa juu, Alhamisi sifuri, ila Jumanne ilitoa 450,000 na Jumatano ikatoa 200,000, kwa sababu siku hizo mbili bei ilifungia kwenye robo ya chini ya safari yake.

Maelezo ya kawaida ni kwamba wauzaji walikuwa wanaisubiri bei juu na kuirudisha chini. Hapa Nairobi sikubali maelezo hayo haraka. Bei ya kufunga inayotangazwa kwetu si ya muamala wa mwisho. Ni wastani wa siku nzima, kila muamala ukipewa uzito kulingana na idadi ya hisa zake. Kwa hiyo kufungia chini hapa hakusemi kwamba bei iliporomoka jioni. Kunasema kwamba hisa nyingi zilibadilishana mikono karibu na kina. Na muamala mmoja mkubwa unaweza kuuvuta wastani huo peke yake.

Nikaanza na siku iliyobeba uzito wote, yaani Jumanne. Nilimpigia kijana wa ofisi ya dalali wangu nikamwomba aniangalizie miamala ya siku hiyo. Hakuchukua muda. “Mzee, laki sita kati ya hizo zilikwenda kwa mpigo mmoja, shilingi 23.70. Zimetoka mkono mmoja kwenda mwingine.” Yaani wakubwa wawili walikuwa wameelewana bei.

Mapatano kama hayo hayaniambii chochote kuhusu haraka ya wanunuzi wala ya wauzaji. Nikayatoa nihesabu upya. Jumanne ikabaki na hisa 300,000, na wastani wake ukapanda kutoka 23.80 hadi 24.00, katikati kabisa ya kilele na kina. Kwenye A/D Jumanne ikawa sifuri badala ya kutoa 450,000, na wiki nzima ikabaki pungufu ya kama 67,000 tu, karibu si kitu.

OBV ndiyo iliyobadilika zaidi, na hapa ndipo wengi hupitwa. Si Jumanne tu iliyopungua. Wastani wa Jumanne ukishakuwa 24.00, Jumatano iliyofunga 23.85 haikuwa tena siku ya kupanda. Ikawa ya kushuka, na hisa zake 400,000 zikahama kutoka kujumlishwa kwenda kutolewa. Jumla ikawa 200,000 na 300,000, toa 400,000, ongeza 300,000: ongezeko la 400,000 badala ya milioni moja na laki nane. Muamala mmoja ulikuwa umeipandisha OBV kupita kiasi na papo hapo kuizamisha A/D.

Picha iliyobaki ilikuwa ya kawaida sana: bei imevuka 24 kwa senti kumi, OBV imepanda kiasi, A/D imelala. Huko si kuungwa mkono, wala si onyo la kuuza. Sikununua.

Wiki iliyofuata bei ilirudi taratibu hadi 23.30, kila siku hisa zikiwa chini ya laki moja, na A/D haikuteremka nayo. Hilo lilinipendeza kuliko mruko wa mwanzo, kwa sababu bei ilishuka bila watu kukimbilia mlango. Wiki iliyofuatia ikaja siku ya hisa 500,000: kilele 24.60, kina 23.90, kufunga 24.45. OBV ikaongeza zote, A/D ikaongeza takriban 286,000, na mistari yote miwili ikavuka vilele vyake vya karibuni. Niliuliza tena kwa dalali; safari hii ilikuwa miamala midogo midogo mingi. Nikanunua kesho yake kwa 24.50, senti arobaini juu ya bei ya Alhamisi ile. Hiyo ndiyo gharama ya kusubiri, na kwa hisa inayopaa bila kurudi nyuma huwa kubwa zaidi.

Kuna siku moja nyingine ninayoisahihisha kwa mkono: ile ya kwanza ambayo mnunuzi hana tena haki ya gawio. Bei hushuka kwa takriban kiasi cha gawio hata kama hakuna aliyekata tamaa, na OBV huzitoa hisa zote za siku hiyo kana kwamba watu wamekimbia. Kwenye jedwali naongeza gawio kwenye bei ya siku hiyo kabla ya kuilinganisha na ya jana. A/D haihitaji marekebisho hayo, kwa kuwa haitazami jana. Lakini kwa sababu hiyohiyo haioni pengo, na hisa ikifungua chini kabisa ya bei ya jana kisha ikajikongoja kidogo hadi jioni, A/D inaweza kuihesabu kuwa siku njema. Siku kama hizo naiamini OBV.