Nilivyojitoa kwenye mlango wa Harrier nyeusi

Mimi napiga picha za magari kwenye bondi moja pale Nakawa, Kampala, wanunuzi wetu wengi wako mbali, Bunia, Beni, wengine Arua, kwa hiyo mtu anaamua kutuma hela au kutotuma kwa kuangalia picha tu. Sasa ikija gari nyeusi iliyopigwa polishi hiyo ni kazi nyingine kabisa, maana mlango unakuwa kioo na unajiona katikati umesimama na kamera.

Watu hukimbilia filta ya polaraiza. Mimi ninayo na naipenda lakini kwa hili haisaidii, na sababu yake ni hii: polaraiza inakata mng'ao unaokuja kwa mshazari, inafanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi kama 35 ukipima kutoka kwenye bodi. Taswira yako wewe mwenyewe inatokea pale tu mlango unapokutazama uso kwa uso, na hapo filta uizungushe mpaka uchoke hakuna kinachobadilika. Kioo cha duka ni hivyohivyo.

Kwa hiyo ile Harrier niliweka kamera kwenye traipodi, nikarudi nyuma mbali kadiri uwanja ulivyoruhusu halafu nikazum, kwa sababu mlango umebinuka kidogo na ukiwa mbali taswira inakuwa ndogo. Nikaweka taima ya sekunde 10, nikazunguka nikachuchumaa nyuma ya gari lenyewe, upande wa pili. Mlango hauwezi kuonyesha kilicho nyuma yake, angalia tu kichwa kisitokeze kwenye madirisha. Ukikimbilia pembeni haitoshi, huo mbinuko unaona eneo pana sana utajikuta bado uko pale kwenye kona.

Hapo mimi nimetoka, imebaki traipodi, miguu mitatu myembamba na kiboksi cheusi juu. Hiyo ndiyo nilikaa nayo kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta.

Kabla hujagusa kitu, uangalie mlango umebeba nini. Juu kuna mbingu, ukanda mweupe, chini yake kuna mstari mweusi wa magari na ukuta wa ng'ambo, halafu chini kabisa udongo wetu mwekundu. Vyote vimelala kwa mlalo, kushoto kwenda kulia. Basi kiraka cha kufunika traipodi lazima kitoke urefu uleule, kushoto au kulia, kamwe usichukue juu ukaleta chini, utaweka mbingu mahali pa udongo na mtu ataona mlango kama umebonyea.

Nilifungua leya mpya ili nisiharibu picha ya chini, nikachagua Clone, brashi inayonakili sehemu moja ya picha kwenda nyingine, nikatiki Sample merged ili ichukue kutoka kwenye hiyo picha ya chini, Ctrl na kubofya pale ninapochukua, halafu napaka. Shida ni kwamba mwanga haulingani, upande wa bawaba ulikuwa mweusi zaidi kuliko upande wa mkono wa mlango, ukijaza yote kutoka upande mmoja unapata ukingo kama plasta. Kwa hiyo nusu nilichukua kushoto, nusu kulia, vikakutana katikati, na ule mshono peke yake ndio nikaupitisha Heal, brashi inayonakili huku ikichanganya rangi na za jirani. Nilianza na ule mstari mweusi kwanza, nikahakikisha unapita moja kwa moja bila kukatika, maana jicho la mtu linaufuata huo.

Mguu mmoja ulikuwa unagusa mwanya kati ya milango miwili. Hapo Heal usiitumie hivihivi, inavuta weusi wa mwanya inaupaka kwenye rangi unapata doa la moshi. Nilizungushia bodi kwa Free Select nikaacha mwanya nje, nikamaliza kwa Clone tu.

Kujua kama imekubali nageuza picha kushoto kulia, halafu naangalia kwa 100%. Kasoro mbili ndizo hujitokeza: alama ileile imejirudia mara mbili, au sehemu imekuwa laini kuliko jirani yake, haina zile chembechembe za picha. Ya laini kwa kawaida ni brashi yenye ukingo mpole mno, naongeza Hardness narudia.

Mwenye gari alipoona akafurahi, akaniambia, "Kaka, basi na huo mkwaruzo chini ya mkono wa mlango nitolee." Nikamwambia hapana bosi, mimi natoa kilichokuwa mbele ya gari, kilicho kwenye gari kinabaki, mteja wa Bunia atauona siku analipokea na hela ameshatuma. Tukaelewana. Nikaupiga peke yake kwa karibu, kwa mshazari, na hapo sasa polaraiza ndiyo ilifaa kweli, mng'ao ukakatika mkwaruzo ukaonekana wote, nikaituma pamoja na zile nyingine.