Namba yangu ya Marekani ilivyokataliwa, na laini iliyokubaliwa

Nina namba ya Marekani inayoanza na +1 240 tangu nikiwa mwanafunzi Maryland. Ilianza kama laini ya kawaida, ya kadi. Niliporudi Dar es Salaam niliihamishia kwenye programu ya kupiga simu kwa intaneti ili nisilipie kifurushi cha kila mwezi kwenye nchi nisiyoishi. Wateja wangu wa ukalimani waliendelea kunipata kwa namba ileile, na meseji zao ziliingia kama kawaida. Kwa kazi hiyo namba imenitumikia vizuri hadi leo.

Shida ilikuja nilipotaka kujiandikisha kwenye jukwaa jipya la wakalimani. Nilijaza jina, barua pepe na lugha zangu, nikafika kwenye namba ya simu. Nikaandika, nikabonyeza, na papo hapo kisanduku kikawa chekundu: namba za aina hii hazikubaliki, tumia namba ya simu ya mkononi. Hakuna msimbo wa kuthibitisha uliotumwa. Nilihakikisha kwa kuangalia meseji zote kwenye programu, sikuona kitu.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote aliyekwama. Kama umekataliwa kabla msimbo haujatumwa, mara nyingi tatizo ni aina ya namba, na kurudia kujaribu hakusaidii. Kama jukwaa limeipokea namba na linasema msimbo umetumwa ila wewe huuoni, hilo ni jambo jingine: mtandao umechelewa, namba imeandikwa vibaya, au simu imeziba meseji za namba ngeni.

Nilitaka kujua jukwaa lilijuaje, maana tarakimu zenyewe hazisemi chochote. Marekani namba ya mezani, ya mkononi na ya intaneti zote zina umbo moja, na +1 240 inaweza kuwa yoyote kati ya hizo. Jibu ni kwamba majukwaa huuliza kwenye hifadhidata zinazoonyesha namba iko mikononi mwa kampuni gani kwa sasa. Rafiki yangu mtengeneza programu ana akaunti ya Twilio, moja ya kampuni zinazouza huduma hiyo ya kuuliza. Amri yenyewe ni fupi (hapa nimeweka namba ya mfano):

```
curl "https://lookups.twilio.com/v2/PhoneNumbers/+12025550123?Fields=line_type_intelligence" \
  -u "$TWILIO_ACCOUNT_SID:$TWILIO_AUTH_TOKEN"
```

Tulipoweka namba yangu, katika majibu yaliyorudi mstari uliotuhusu ulikuwa huu:

```
"type": "nonFixedVoip"
```

Maana yake ni namba ya intaneti isiyofungwa kwenye anwani yoyote, ambayo mtu anaweza kuitumia popote penye mtandao. Iko pia `fixedVoip`, yaani simu ya intaneti iliyofungwa nyumbani au ofisini na kampuni inayokuletea waya. Ya mezani huitwa `landline`, na laini ya kadi huitwa `mobile`. Namba yangu ilikuwa `mobile` nilipokuwa Maryland. Nilipoihamisha, tarakimu zilibaki ila mwenye kuibeba alibadilika, na aina ikabadilika naye.

Sababu ya kuzikataa naielewa, na naona ina msingi. Programu za intaneti hutoa namba kwa dakika chache, na mtu mmoja anaweza kujipatia nyingi kwa gharama ndogo, akafungua akaunti za bandia kwa wingi. Laini ya kadi ni ngumu zaidi kuipata kwa wingi. Kwetu Tanzania inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Jukwaa la nje halioni usajili huo, ila linajua laini ya simu ya mkononi ina gharama na usumbufu wake.

Suluhisho langu lilikuwa laini niliyokuwa nayo mfukoni. Fomu ilikuwa imejichagulia Marekani kwenye orodha ya nchi, na watu wengi huiacha hivyo wakidhani kazi ya Marekani inadai namba ya Marekani. Nilibadilisha nchi kuwa Tanzania, nikaandika namba bila ile sifuri ya mwanzo, kwa sababu +255 imeshachukua nafasi yake. Msimbo ukaja haraka, nikauingiza, akaunti ikafunguka. Kwenye wasifu ambao wateja wanauona niliweka namba yangu ya +1, na jukwaa halikuwa na neno. Namba ya kuthibitisha ilikuwa moja, namba ya mawasiliano ilikuwa nyingine.

Kabla ya kuitumia laini hiyo nilipiga *106# kuhakikisha imesajiliwa kwa jina langu. Hatua hii msiiruke. Wengi wetu tunatembea na laini iliyosajiliwa na mjomba au rafiki. Siku simu ikiibiwa, ni yule aliyesajili ndiye anayeweza kurudishiwa laini, na akaunti zote zilizofungwa kwenye namba hiyo zinamtegemea yeye.

Kaka yangu aliyebaki Maryland alikuwa na hali tofauti kidogo. Naye alikuwa amehamishia namba yake kwenye intaneti, na benki yake ikawa haitaki kutuma msimbo huko. Yeye ilimlazimu awe na namba ya Marekani. Alichukua laini ya bei nafuu ya kulipia kabla, akaomba namba yake ihamishiwe humo. Alihitaji namba ya akaunti na PIN ya uhamisho kutoka kule alikokuwa, na hakufunga huduma ya zamani hadi uhamisho ulipokamilika, kwa sababu ukifunga mapema unaweza kuipoteza namba yenyewe. Simu zilianza kuingia kwanza. Benki iliendelea kumkatalia siku chache zaidi, kwa kuwa hifadhidata nyingine huchelewa kupata habari mpya. Baadaye ikasomeka `mobile`, msimbo ukaanza kuja.

Kuhusu eSIM, naulizwa mara kwa mara. Kama ni laini ya kampuni ya simu yenye namba yake, inahesabiwa sawa na ya kadi, kwa sababu kinachoangaliwa ni mtandao unaoibeba na wala si kipande cha plastiki. Ila zile eSIM za wasafiri zinazouzwa mtandaoni nyingi zina data peke yake. Hazina namba ya kupokea meseji, kwa hiyo hapa hazikusaidii.

Simu ya mezani inategemea jukwaa. Palipo na chaguo la kupigiwa na kusomewa msimbo, inaweza kufaa. WhatsApp ya kawaida haiorodheshi simu za mezani kati ya namba inazozikubali, lakini WhatsApp Business inazipokea kwa njia hiyo ya kupigiwa. Namba za bure za huduma kwa wateja na zile za malipo ya juu hazifai kabisa.

Tovuti zinazokuonyesha namba za kupokelea meseji bure ziacheni. Kila anayefungua ukurasa anausoma msimbo wako, na kesho mtu mwingine anaweza kuomba kuweka upya nywila ya akaunti yako kupitia namba hiyohiyo.

Laini uliyothibitishia unaihitaji hata baada ya kujiandikisha, kwani jukwaa litaitumia ukibadilisha simu au ukisahau nywila. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Yangu naiwekea salio na kupiga nayo simu kila mwezi.