Jaketi la mvua lililoacha kufukuza maji, na jinsi nilivyolirudisha

Kwa sisi tunaoishi Tanga mjini, kwenye joto la pwani, jaketi la mvua si vazi la kila siku. Lakini kazi yangu hunipeleka mara kwa mara kwenye misitu ya Amani, ambako mvua hunyesha hata wakati Muheza penyewe ni pakavu. Jaketi langu nililinunua kwenye mitumba ya Ngamiani, na kwa muda mrefu maji yalikuwa yakiteleza juu yake kama juu ya jani la gimbi. Kisha mabega yakaanza kunyonya maji, kitambaa kikawa cheusi na kizito, nami nikawa nateremka mlimani nikiwa nimelowa hadi kwenye shati. Wenzangu wengi hufika hapo wakasema jaketi limekufa, wakalitupa.

Jaketi la aina hii lina kinga mbili. Ndani kuna utando mwembamba unaozuia maji ya mvua lakini unaoruhusu mvuke wa jasho kutoka. Kitambaa cha nje nacho kimepakwa dawa ya kufukuza maji, ili matone yajikusanye na kudondoka badala ya kuenea. Dawa hiyo ikichoka, kitambaa cha nje hulowa, na ule mvuke wa jasho hukosa njia ya kutokea. Jasho hugeuka maji upande wa ndani, mwili unapoa, na mvaaji huamini kabisa kwamba mvua imepenya, ilhali utando bado ni mzima.

Kwa hiyo kabla ya lolote nilipima. Nilitandaza bega la jaketi juu ya bakuli, upande wa nje ukitazama juu, nikalibonyeza kidogo lifanye kishimo, nikamimina kikombe cha maji na kuliacha kwa nusu saa. Kitambaa cha juu kilikuwa kimenyonya maji, lakini nilipopapasa kwa chini palikuwa pakavu, na bakuli halikuwa na tone. Laiti maji yangepita, au laiti ndani kungekuwa na ngozi inayobanduka kwa magamba na utepe wa mishono ulioachia, dawa ya nje isingesaidia kitu.

Dawa hiyo huchoka kwa msuguano, na ndiyo maana mabega yanayobeba mikanda ya begi na mikono kwenye vifundo hutangulia. Lakini mara nyingi haijaisha, bali imefunikwa na uchafu: mafuta ya ngozi kwenye kola, vumbi, chumvi ya jasho, na hasa mabaki ya sabuni ya unga, ambayo kazi yake ni kuyafanya maji yashike kitambaa. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi, na sijui kwa nini watu huona jaketi la mvua linahitaji kunukia maua.

Nililifua kwa mkono katika ndoo ya maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo sana, zipu zikiwa zimefungwa, nikasugua kola na mabega kwa brashi laini. Kusuuza ndiko kulikochukua muda, kwani nilibadilisha maji hadi povu likatoweka kabisa. Sikulikamua kwa kulisokota, bali nililitundika kivulini hadi likakauka.

Hatua iliyofuata ni joto, ambalo huziamsha chembe za dawa zilizolala na kuzisimamisha upya. Wenye mashine ya kukaushia huitumia kwa joto la chini kwa dakika 20 hivi. Mimi nilitumia pasi ya umeme bila mvuke, baada ya kusoma lebo: alama ya pasi yenye kitone kimoja maana yake joto lisizidi nyuzi 110, na pasi iliyopigwa mkasi maana yake usiguse. Niliweka kitambaa cha pamba katikati, nikapitisha pasi polepole bila kuiegesha mahali pamoja. Pasi ya mkaa siishauri, kwa sababu joto lake halina kipimo na nailoni huyeyuka.

Nilipomwagia maji, mgongo na kifua vilirudi kabisa, lakini mabega yalibaki yakinyonya. Hapo ndipo penye haja ya dawa mpya. Nilichagua ya kupuliza, si ya kulowekea, kwa kuwa ya kulowekea hushika pia bitana ya ndani, ambayo inatakiwa kunyonya jasho. Nilipuliza mabega yakiwa na unyevu, nje kwenye hewa, nikafuta ziada kwa kitambaa baada ya dakika chache, kisha nikarudia pasi kama maelekezo ya chupa yalivyotaka. Dawa za siku hizi zisizo na florini hufukuza maji vizuri lakini hazifukuzi mafuta, kwa hiyo kola huchafuka mapema, na jaketi huhitaji kufuliwa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Mabega ninayapuliza tena kila yanapoanza kuwa meusi mvuani, sehemu nyingine ninaziachia sabuni kidogo na pasi.