Neno moja dogo lililonigharimu yuan 3,600

Juzi Jumamosi jioni, nikiwa napanga mzigo hapa Guangzhou, China, uliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana mmoja wa Tanga, mgeni wa wiki mbili tu mjini. Alikuwa amekaa ofisini kwa dalali wa nyumba, mkataba uko mezani, naye ananong'ona: "Kaka shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Nikimwambia huyu mama *wǒ zū sān gè yuè*, nakodi miezi mitatu, nitakuwa nimesema sawasawa? Na hiyo *gè* ya katikati ni lazima, au naweza kuiacha?"

Niliacha mzigo nikakaa chini kwanza. Nikamjibu: umesema sawasawa, usipunguze kitu, na hiyo *gè* ishike kama ulivyoshika pasipoti yako uwanja wa ndege. Yeye aliuliza kwa adabu ya mwanafunzi. Mimi hakuna aliyenifundisha kuuliza, na nililipa.

Novemba 2016 nilikodi chumba kwa mzee mmoja, yuan 1,800 kwa mwezi. Masharti yalikuwa *yā èr fù yī*, yaani unaweka amana ya miezi miwili na unalipa kodi ya mwezi mmoja mmoja. Mtu aliyezoea mwenye nyumba wa Dar anayetaka miezi sita mkononi kabla hujaona hata choo ataona hapa ni nafuu. Nami niliona hivyo. Nilitoa 3,600 za amana na 1,800 za mwezi wa kwanza, roho safi.

Kabla ya kuandika mkataba, yule mzee aliniuliza: *zhù dào jǐ yuè?* Nilikuwa najua *zhù* ni kukaa, *dào* ni hadi, *jǐ* ni ngapi, *yuè* ni mwezi. Nikaunganisha kichwani: utakaa hadi miezi mingapi? Nikajibu kwa kujiamini: *sān yuè*. Akatikisa kichwa kukubali, akaandika, nikaweka sahihi.

Nilikuwa nimemwambia nitakaa hadi Machi.

Kichina hakina majina ya miezi kama Januari na Februari. Miezi inaitwa kwa namba tupu: *yī yuè* ni Januari, *èr yuè* ni Februari, *sān yuè* ni Machi, mpaka *shí'èr yuè*, Desemba. Sisi tunafanya hivyohivyo tukisema mwezi wa tatu, mwezi wa nne. Ukitaka kuhesabu miezi, kati ya namba na mwezi lazima kiingie kipimo, yaani neno dogo la kuhesabia, na kipimo cha *yuè* ni *gè*. Basi *sān yuè* ni mwezi wa tatu, na *sān gè yuè* ni miezi mitatu. Swali nalo liko hivyohivyo. *Jǐ yuè* ni mwezi wa ngapi. *Jǐ gè yuè* ndiyo miezi mingapi. Mzee aliniuliza mwezi wa ngapi, nami nikamjibu mwezi wa tatu.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na ninaamini Mswahili ana uwezo wa kulielewa haraka kuliko wageni wengi, mradi amepata wa kumwonyesha. Angalia sisi tunavyolinda tofauti hii. "Miezi" imeshabadilika kutoka "mwezi", kwa hiyo unajua ni mingi. "Mitatu" imevaa *mi-* ya ngeli yake. Na ukitaka kutaja mwezi wenyewe unaweka "wa": mwezi wa tatu. Hata mtu akiongea kwenye dirisha la daladala huku konda anapiga kelele, huwezi kuchanganya. Kichina hakina ulinzi huo. *Yuè* haibadiliki, iwe mmoja au kumi. *Sān* haibadiliki, uhesabu watu, samaki au miezi. Kazi yote inayofanywa kwetu na "mi-" na "wa" imebebwa na *gè* peke yake, na watu wakiongea haraka *gè* hiyo inatamkwa nyepesi mno, *ge*, kama mtu anayemeza mate. Usipokuwa unaitegea sikio, inapita.

Katikati ya Februari 2017 nilikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani. Nilikwenda kwa mzee nikiwa nimelipa miezi yangu mitatu yote, nikaomba amana yangu. Akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: 至2017年3月31日. Hadi tarehe 31 Machi 2017. Mkataba ulisema anayeondoka kabla ya siku hiyo anaacha amana. Nilipandisha sauti, nikamwita tapeli kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na majirani wakatoka milangoni. Yeye hakupandisha yake. Alirudia tu mara tatu, mara nne: *sān yuè, nǐ shuō sān yuè*. Ulisema Machi. Nikaondoka bila yuan 3,600, ambazo wakati ule zilikuwa zaidi ya milioni moja na laki moja za Kitanzania. Mama alikuwa anasubiri mabati.

Kwa karibu mwaka mzima nilimsimulia kila mtu kwamba nimeibiwa. Aliyenitoa kwenye hasira hiyo ni mama muuza supu ya tambi niliyempata niliporudi, chini ya jengo nililohamia. Mchana mmoja nilimwambia nimekaa hapo *liǎng yuè*, nikimaanisha miezi miwili. Angeweza kunipa bakuli langu akaniacha, kama wengine wote walivyoniacha. Alifuta mikono kwenye aproni, akachukua karatasi ya oda na kalamu ya buluu, akaandika mistari miwili, mmoja juu ya mwingine:

二月
两个月

Akagusa wa kwanza, *èr yuè*, akajikumbatia na kutetemeka: mwezi wa pili, wa baridi. Akagusa wa pili, *liǎng gè yuè*, akanyoosha vidole viwili. Akanitaka nisome. Nikasoma. *Duì*, akasema, sahihi, kisha akarudia mwenyewe polepole, *liǎng gè yuè*, na hakunipa bakuli mpaka niliposema mara tatu bila kukosea. Watu watano walikuwa nyuma yangu kwenye foleni na hakuna aliyeguna. Hapo ndipo nilipoelewa, nimesimama na vijiti mkononi, mzee alikuwa ananiambia nini. Ile karatasi ninayo mpaka leo, ina doa la mafuta pembeni.

Mbili ina faida yake. Ukihesabu, mbili inageuka kutoka *èr* kuwa *liǎng*, kwa hiyo hata *gè* ikikuponyoka, bado msikilizaji ana dalili kwamba unahesabu. Moja, tatu na nyingine mpaka kumi na mbili hazina dalili hiyo, na karibu kila mkataba mfupi wa chumba unaangukia humo.

Sasa wewe unayejiandaa kuja, nisikilize. Mchina akitaka kuhakikisha amekusikia, mara nyingi anairudia sentensi yako. Usiitikie tu "duì, duì" kwa kuwa umechoka na umetoka safari. Sikiliza alichorudisha. Ukisema *sān yuè* naye akarudisha *sān gè yuè?* kwa sauti ya kuuliza, anakusaidia, amehisi umeacha kitu. Akirudisha *sān yuè* vilevile, basi amesikia Machi. Halafu usiishie kwenye mdomo. Jifunze herufi tatu kabla ya zote: 年 ni mwaka, 月 ni mwezi, 日 ni siku. Kwenye mkataba tafuta 至, maana yake hadi, usome tarehe iliyo mbele yake, uhesabu kwa vidole. Mkataba huo utauhitaji mapema, kwa sababu mgeni asiyelala hotelini anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 tangu aingie kwenye nyumba, na polisi watautaka.

Usije pia ukapachika *gè* kila mahali penye muda. Siku na mwaka hazihitaji kipimo: siku tatu ni *sān tiān*, miaka mitatu ni *sān nián*, na ukisema *sān gè tiān* umekosea. Wiki inafuata njia ya mwezi, *sān gè xīngqī* ni wiki tatu. Saa, yaani muda wa saa, ni *sān gè xiǎoshí*, ingawa hapo watu huiacha *gè* na hakuna anayepotea.

Na sokoni? Kijana aliniuliza hilo pia. Sokoni kila kitu kina kipimo chake: suruali tatu ni *sān tiáo kùzi*, kwa kuwa *tiáo* ni ya vitu virefu vyembamba, mpaka samaki na barabara; shati ni *jiàn*; viatu ni *shuāng*, jozi. Ukisahau, ukasema *sān gè kùzi*, muuzaji atajua wewe ni mgeni lakini utapata suruali tatu. Viatu ndivyo vya kuangalia, maana *yì shuāng* ni jozi na *yì zhī* ni kimoja cha mguu mmoja, sawa na mtu anayejua doti ya kanga na kipande cha kanga. Hayo yanazoeleka kwa kununua kila siku. Ya mkataba hayazoeleki, kwa sababu unauweka sahihi mara moja.

Nilimwambia yule kijana amwombe dalali arudie kwa sauti, simu ikiwa wazi. Nikamsikia yule mama akisema wazi kabisa: *sān gè yuè, duì*. Nikamwambia apige picha ukurasa wenye tarehe. Ikaja: 自2025年11月12日至2026年2月11日. Kutoka tarehe 12 Novemba 2025 hadi tarehe 11 Februari 2026, miezi mitatu kamili. Nikahesabu mara mbili, nikamwambia aweke sahihi.

Baada ya dakika chache akarudi tena: "Asante sana kaka, Mungu akuzidishie. Amesema funguo nichukue *xīngqīsān*. Basi nitakwenda Jumatatu asubuhi."

Nikampigia palepale. Wachina wanaanza kuhesabu siku za wiki kutoka Jumatatu, sisi tunaanza kutoka Jumamosi. Mdogo wangu, *xīngqīsān* ni Jumatano. Iangalie kwenye mkataba wako, ni ile tarehe 12.